Pembe za Chini katika Eksirei ya Kifua

Katika eksirei ya kifua, hewa huonekana nyeusi, mifupa huonekana myeupe, na nyama, damu na maji huwa na weupe hafifu zaidi. Mapafu yaliyojaa hewa ndiyo yale maeneo mawili meusi kando ya moyo. Picha ya kawaida hupigwa mtu akiwa amesimama, miale ikimwingia kwa mgongoni, naye amevuta pumzi kwa nguvu na kuizuia. Husomwa kana kwamba anamtazama msomaji, kwa hiyo pafu lake la kulia liko kushoto kwa anayeisoma.

Weusi wa mapafu si mtupu. Mishipa ya damu hutoka karibu na moyo kama nyuzi nyeupe, ikagawanyika na kuzidi kuwa myembamba hadi ikapotea karibu na ukuta wa kifua. Pafu moja hulinganishwa na jingine kutoka juu kwenda chini, pamoja na sehemu iliyo nyuma ya moyo, ambayo wanaoanza huipita bila kuitazama.

Kisha huhesabiwa mbavu. Pumzi ikiwa imevutwa vizuri, mbavu 9 au 10 za nyuma huonekana juu ya kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Zikiwa chache, mapafu yamebanwa na sehemu zake za chini huwa nyeupe kiasi cha kudhaniwa nimonia.

Kiwambo chenyewe huonekana kama kuba mbili zenye kingo laini. Ya kulia, iliyo juu ya ini, kwa kawaida huipita ya kushoto kwa sentimita 1 hadi 2. Chini ya kuba ya kushoto mara nyingi kuna kiputo cheusi cha hewa ya tumboni, na hicho ni cha kawaida. Utepe mweusi chini ya kuba ya kulia ni jambo jingine: huenda utumbo au kidonda cha tumbo kimetoboka, na daktari wa upasuaji aitwe mara moja.

Kila kuba hushuka pembeni hadi inapokutana na mbavu. Hapo pafu huishia kwenye pembe nyeusi, iliyochongoka. Chukua picha ambayo pembe ya kulia ni kali, lakini ya kushoto imejaa weupe unaopanda ukutani kwa mkunjo. Huenda ni maji, na mpaka yaizibe pembe hiyo huwa yamefika kama mililita 200 au zaidi. Picha ya ubavuni huyaonyesha mapema, kwa sababu pembe ya nyuma iko chini zaidi. Lakini kovu la kifua kikuu cha zamani nalo huiziba pembe. Mgonjwa akilazwa kwa ubavu wa kushoto na kupigwa picha tena, maji hutiririka na kutandaa kando ya mbavu, kovu halisogei. Kwa mgonjwa aliyepigwa picha akiwa chali, maji hutandaa nyuma ya pafu, na pembe inaweza kubaki kali ingawa maji yapo.