Mchele Unaoruka Bila Kuguswa

Twaa bakuli lenye mdomo mpana, uwambe juu yake nailoni laini ya kufunikia vyakula, kisha uibane ukingoni kwa mpira. Vuta pembe zote mpaka isibaki na mkunjo. Ukiigonga kwa ncha ya kidole, ilie kama ngoma ndogo. Nyunyiza punje 20 hivi za mchele mkavu. Sasa inua sinia la bati mpaka libakie shubiri moja kutoka kwenye bakuli, uligonge kwa mwiko. Punje zitaruka.

Mtoto wa miaka 10 hatakubali kirahisi. Atasema meza imetikisika, au ni upepo wa sinia. Asibishiwe, apewe njia ya kuhakikisha. Kwanza, bakuli liwekwe juu ya taulo iliyokunjwa, na sinia lishikwe mkononi mbali na meza. Gonga tena: mchele bado unaruka, kwa hiyo si meza. Kisha apulize nailoni taratibu bila kutoa sauti. Punje zitateleza zote upande mmoja. Halafu afumbe midomo na kuvumisha “mmm” kwa nguvu karibu na bakuli, pua akiielekeza pembeni. Safari hii punje zinadunda juu na chini, hazisukumwi kwenda upande mmoja. Hapo upepo na sauti vimetengana mbele ya macho yake.

Kinachotokea ni hiki: koo linapotetema, husukuma hewa iliyo jirani, nayo hewa hiyo husukuma inayofuata, kisha kila moja hurudi ilipokuwa. Msukumo ndio unaosafiri. Ukifika kwenye nailoni, huibonyeza na kuiachia mara nyingi kwa sekunde: mara 100 hivi kwa sauti nzito ya mwanamume, na karibu mara 300 kwa sauti ya mtoto. Nailoni inaposhuka haraka kuliko punje inavyoweza kuanguka, punje hubaki hewani. Ndiyo maana huonekana ikiruka.

Sasa avumishe kuanzia sauti nzito, apande polepole hadi nyembamba. Mahali fulani katikati, mchele utachachamaa ghafla ingawa hakuongeza nguvu. Hapo amegusa mlio wa nailoni yenyewe. Akiikaza zaidi, mlio huo hupanda, kama ngoma iliyopashwa moto ngozi ikajivuta.

Mchele ukigoma, kagua kwanza kama nailoni imelegea. Ikiwa imekaza, badilisha mchele kwa chumvi, iliyo nyepesi zaidi. Chumvi huweza hata kukusanyika kwenye mistari isiyotikisika; Mjerumani Ernst Chladni alichapisha michoro ya namna hiyo mwaka 1787, akitumia mchanga juu ya mabamba.

Mwisho, mtoto apige mluzi mwembamba. Huenda punje zisitikisike kabisa, na hali sikio linausikia vizuri. Kiwambo cha sikio nacho hutetema, lakini hunasa mitetemo midogo mno isiyoweza kunyanyua hata punje moja. Mchele uliotulia, basi, si ushahidi kwamba kuna kimya.