Unapoandika Kwamba Uko Tayari Kuhamia Mpanda

Matangazo mengi ya kazi za mashirika hapa Tanzania huwa na mstari mmoja karibu na mwisho: mwombaji awe tayari kusafiri mara kwa mara na kuishi kwenye kituo cha kazi. Wengi huujibu kwa sentensi ileile: "Niko tayari kufanya kazi mahali popote nchini." Anayesoma maombi hujikuta akiisoma sentensi hiyo barua baada ya barua, na haimsaidii kuchagua, kwa kuwa hata asiyekusudia kutoka Dar es Salaam ameiandika.

Hofu ya mwajiri inajulikana. Anaogopa kuajiri mtu, amfundishe kazi, na baada ya miezi mitatu apokee barua ya kuacha kazi. Au mtu abaki kazini lakini kila Ijumaa asubuhi awe stendi akitafuta basi la kurudi kwao, na wanakijiji walioitwa kwenye mkutano wakae chini ya mwembe hadi wachoke. Maneno yako kuhusu utayari yanatakiwa kuigusa hofu hiyo, na hayawezi kuigusa kama hujaielewa kazi yenyewe.

Tuchukue mfano wa afisa mradi wa maji vijijini. Kituo ni Mpanda, mkoani Katavi, na tangazo linasema asilimia 60 ya muda ni kazi za uwandani. Kabla ya kuandika chochote, piga hesabu. Mwezi una siku za kazi kama 22, kwa hiyo asilimia 60 ni siku 13. Kwa kawaida siku hizo huenda kwa mafungu: unaondoka Jumatatu, unarudi Alhamisi au Ijumaa, na hivyo kwa wiki tatu za mwezi. Kisha fungua ramani. Karema iko kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, zaidi ya kilomita 100 kutoka Mpanda mjini, na Mishamo na Inyonga ziko pande nyingine kabisa. Huko huendi na kurudi siku hiyohiyo ukabaki na nguvu ya kuendesha mkutano wa kamati ya maji. Utalala huko. Mvua za Katavi nazo ni za msimu mmoja mrefu, kuanzia karibu Novemba hadi Aprili, na barabara za udongo kwa miezi hiyo hazipitiki kwa uhakika.

Ukishayajua hayo, utaona kwamba tangazo limeuliza maswali mawili, na watu huyachanganya. Kusafiri mara kwa mara ni suala la usiku ngapi unaweza kulala nje ya nyumba yako. Kuhama ni suala la nyumba yenyewe itakuwa wapi. Mtu anaweza kukubali moja na kushindwa jingine. Yuko anayehamia Mpanda kwa furaha lakini ana mzazi mgonjwa wa kumwangalia kila jioni. Yuko pia anayeweza kulala vijijini wiki tatu mfululizo, ila familia yake haitoki Morogoro. Kila swali lipewe sentensi yake.

Mwombaji wa mfano wetu anaishi Morogoro na amewahi kufanya kazi Kilosa. Aya yake inaweza kusomeka hivi:

"Nafahamu kwamba kituo cha kazi ni Mpanda na kwamba zaidi ya nusu ya muda nitakuwa vijijini. Kwa sasa naishi Morogoro, na nikiajiriwa nitahamia Mpanda ndani ya wiki tatu baada ya kusaini mkataba. Naweza kulala nje ya kituo hadi wiki tatu kwa mwezi. Nina leseni ya pikipiki, na kwa miaka miwili nimeitumia kazini katika vijiji vya Kilosa, masika na kiangazi."

Ni sentensi nne tu, na hakuna neno "popote". Kuna mahali, muda wa kuhama, kiasi cha safari, chombo cha usafiri na ushahidi wa kazi iliyopita. Sentensi ya mwisho ndiyo yenye uzito kuliko zote, maana aliyeendesha pikipiki kwenye matope ya Kilosa hahitaji kuapa kwamba anaweza. Aya hii ikae baada ya sifa za kitaaluma, karibu na mwisho wa barua. Ukiiweka mwanzoni, utaonekana huna kingine cha kutoa isipokuwa miguu.

Kama kuna jambo huliwezi, liandike, mradi liwe moja na liambatane na njia ya kulitatua. "Sijapata leseni ya pikipiki, nimeanza mafunzo na natarajia kufanya mtihani mwezi ujao" ni sentensi inayoaminika. Ukilificha, litajulikana wiki ya kwanza, siku utakapokabidhiwa funguo na helmeti.

Ndoa na watoto havina ulazima wa kuwemo kwenye barua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsia, ujauzito, hali ya ndoa au majukumu ya kifamilia. Hata hivyo, swali la "familia itabaki na nani?" bado huulizwa kwenye usaili, na linamwangukia mwanamke mara nyingi kuliko mwanamume. Sioni haki yoyote ndani yake. Ukiulizwa, unaweza kulirudisha kwenye kazi: "Nimeshapanga mambo ya nyumbani. Nitaishi Mpanda, na ratiba ya wiki tatu vijijini naiweza." Huna sababu ya kueleza zaidi ya hapo.

Lipo kosa moja ambalo humgharimu mwombaji fedha kabisa. Mtu wa Morogoro anasikia kwamba wanapendelewa wenyeji, basi anaandika anwani ya shangazi yake wa Mpanda kana kwamba anaishi huko. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi, yakiwemo mahali alipoajiriwa na mahali pa kazi. Halafu kifungu cha 43 kinasema mkataba ukikoma mahali tofauti na pale mfanyakazi alipoajiriwa, mwajiri amsafirishe yeye na mizigo yake hadi huko, au alipie usafiri huo, au ampe posho ya usafiri isiyopungua nauli ya basi, pamoja na fedha za kujikimu kwa siku anazosubiri kusafirishwa. Ukijiandikisha kuwa mtu wa Mpanda, utakuwa umejiwekea kikwazo mwenyewe: mradi ukifungwa, itakuwa vigumu kudai kurudishwa Morogoro wakati karatasi zako zinasema hukutoka huko.

Kifungu hicho kinahusu safari ya kurudi. Nani analipia lori la kukupeleka, na utaishi kwa nini mpaka upate nyumba, ni mambo ya kuzungumza kabla ya kusaini. Barua ya maombi si mahali pake, na mwanzo wa usaili pia sipo. Subiri waseme wanakuhitaji, ndipo uulize mambo matatu kwa utulivu: gharama za kuhama ni za nani, posho ya kulala nje ya kituo ni kiasi gani, na je, hutolewa kabla ya safari au unatumia fedha zako kwanza na kuzidai baadaye kwa stakabadhi? Hilo la mwisho lichunguze sana. Gesti za vijijini aghalabu hazina stakabadhi za maana, na afisa anayekuwa uwandani siku 13 kwa mwezi akisubiri kurudishiwa hela yake anaweza kufika tarehe 20 hana hata ya vocha. Mkikubaliana, omba yaandikwe kwenye barua ya ajira, na hakikisha panaposema mahali ulipoajiriwa pameandikwa Morogoro.