Msaada wa Vitu Si Fedha Taslimu: Namna ya Kuuandika Katika Vitabu vya Hesabu

Matawi mengi yanaendesha vituo vya kulelea watoto au zahanati ndogo kwa michango ya wanachama. Vituo hivi hupata pia vitu vya bure na watu wa kujitolea. Mara nyingi ugomvi huanza siku ya kusoma hesabu: taarifa inataja mamilioni, na huku yaya hajalipwa mshahara wa miezi miwili. Wanachama hudhani fedha zimeliwa. Pengine hakuna aliyeiba. Vitabu vimeandikwa vibaya tu.

Tuchukue mfano wa kituo cha watoto katika shamba la chai. Kwa mwaka mmoja wanachama walichanga shilingi 600,000 taslimu. Mfanyabiashara alitoa mabati 40, na barua yake ikasema yana thamani ya shilingi 1,200,000. Fundi umeme mwenye leseni alitandaza nyaya kwa siku 3 bila malipo. Akina mama 10 walipika uji kwa zamu, kila mmoja siku 60.

Mweka hazina aliandika yote kuwa mapato: fedha 600,000, mabati 1,200,000, fundi 90,000, na uji 1,200,000 kwa kuhesabu shilingi 2,000 kwa siku. Jumla 3,090,000. Wanachama waliposikia hivyo, walikataa kuchanga tena.

Mabati

Thamani ya kitu cha msaada ni bei ambayo kituo kingelipa kukinunua kitu kama hicho, siku hiyo, mahali hapo. Barua ya mtoaji si bei. Dukani mjini bati kama hilo liliuzwa shilingi 20,000; kwa hiyo mabati 40 ni shilingi 800,000. Karatasi ya bei ya duka iwekwe kwenye faili pamoja na hati ya kupokelea. Kitu kilichotumika kipewe bei ya mtumba, na kibovu kisichofaa kisiandikwe kabisa.

Kosa hili limewapata hata wakubwa. Kufikia mwaka 2011 ilijulikana kwamba baadhi ya mashirika ya hisani ya Marekani yaliandika kidonge kimoja cha minyoo, mebendazoli, kwa zaidi ya dola 10, hali katika soko la kimataifa kilipatikana kwa senti chache. Kwenye vitabu mashirika hayo yalionekana makubwa kuliko yalivyokuwa.

Kazi ya kujitolea

Kanuni za hesabu za Marekani zinauliza hivi: je, kazi hiyo imejenga au kuongeza thamani ya mali ya chama? Kama sivyo, je, inahitaji ujuzi maalumu, aliyeifanya anao ujuzi huo, na chama kingelazimika kuilipia asingejitolea? Fundi wetu anapita: ametia umeme katika jengo, na kwa ujira wa 30,000 kwa siku, kazi yake ni 90,000. Uji haupiti, maana haukuacha mali wala hauhitaji cheti. Hata daktari akija kufagia uwanja, kazi yake ni ya ufagio, haiandikwi. Kanuni za vyama vya hisani vya Uingereza nazo hazitii thamani ya wafanyakazi wa kawaida wa kujitolea katika mapato.

Je, jasho la akina mama lipotee? La. Liandikwe katika daftari la zamu, na taarifa ya mwaka iseme kwa maneno: akina mama 10, siku 600. Wasomewe na washukuriwe, lakini bila shilingi.

Pande mbili za kitabu

Sasa mapato ni 600,000 na 800,000 na 90,000, yaani 1,490,000. Kila msaada wa kitu una upande wa pili: mabati na nyaya, 890,000, huandikwa kuwa mali katika jengo, na hupunguzwa mwaka hadi mwaka kwa uchakavu. Ingekuwa unga, ungeandikwa kuwa matumizi kadiri ulivyoliwa.

Tuseme mishahara na chakula vilikula 560,000 taslimu. Kabla ya kutoa uchakavu, vitabu vitaonyesha ziada ya 930,000. Mwenye haraka atadai nyongeza ya mishahara. Lakini 890,000 zimo paani na ukutani. Sandukuni mna 40,000 tu. Mwaka 2020 baraza la kanuni za hesabu la Marekani liliagiza misaada ya vitu ionyeshwe kwenye mstari wake, mbali na fedha. Tawi lolote linaweza kufanya hivyo.

Basi taarifa ikisomwa mkutanoni, mwanachama aulize maswali mawili: katika mapato haya, taslimu ni kiasi gani? Na bei ya vitu ilitoka duka gani? Mweka hazina mwenye karatasi zake atajibu pale pale.