Rimoti Yenye Sikio: Kutafuta Filamu, Kufungua Programu na Kurekebisha Sauti kwa Maneno (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu iliyopita tulieleza namna televisheni ya kisasa inavyounganishwa na intaneti. Na maadamu msingi huo umekwisha wekwa, leo tutazame kile kitufe chenye alama ya maikrofoni, ambacho watu wengi hukibonyeza mara moja, wakajibiwa kisichokuwa ombi lao, kisha wasikirudie tena.

Aghalabu si televisheni inayosikia, bali ni tundu dogo lililo upande wa juu wa rimoti. Sauti iliyoingia humo huchukuliwa kwa Bluetooth hadi kwenye televisheni, nayo huipeleka kwa intaneti kwenye kompyuta za kampuni yenye mfumo huo, kama Google au Amazon, ambako hugeuzwa maandishi na kufasiriwa kuwa amri. Ndiyo sababu intaneti ikikatika kitufe hiki hakifai kitu, ilhali kitufe cha kuzima na kuwasha kinaendelea na kazi yake. Rimoti na ishikwe kadiri ya shibiri moja kutoka mdomoni, kitufe kikandamizwe mpaka maneno yaishe (ziko rimoti zinazotosheka na mbonyezo mmoja), wala mtu asianze kusema kabla ya ishara kutokea kwenye kioo. Mwenye haraka hupoteza neno lake la kwanza: amesema “Open YouTube”, likafika “YouTube” tu, na badala ya kufunguliwa programu huenda akaletewa orodha ya matokeo.

Sasa tuingie katika filamu, ambako ndiko kwenye taabu hasa. Google iliingiza Kiswahili katika uandishi wa sauti wa simu mwaka 2017, lakini katika televisheni nyingi zilizomo majumbani mwetu lugha hii haimo kwenye orodha ya lugha za kuamrishia, na amri hutolewa kwa Kiingereza. Tuchukue mfano wa mtu anayeitaka “Vuta N'Kuvute”, filamu ya mwaka 2021 iliyoongozwa na Amil Shivji kutokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi. Akilitaja jina hilo kwa matamshi fasaha ya Unguja, sikio lililozoea Kiingereza litalikatakata na kuandika maneno yasiyo na maana. Basi na ayasome maandishi yanayotokea kwenye kioo, kwani hayo ndiyo shahidi: yakiwa yameharibika, kosa ni la kusikia, na kupaza sauti hakusaidii; yakiwa sahihi na filamu isionekane, kosa liko kwingine. Njia iliyo nyepesi ni kutumia jina la filamu hiyo katika maonyesho ya kimataifa, na kwa kuwa jina hilo limebebwa na filamu nyingine pia, aongeze mwaka: “Tug of War 2021 movie”. Hata hivyo, kuonekana kwa picha na maelezo ya filamu si idhini ya kuitazama. Huenda isiwemo katika huduma yoyote anayoilipia, na hapo hakuna ufasaha utakaoileta. Jina la Kiswahili lisilo na mwenzake wa Kiingereza ni heri kuliandika herufi kwa herufi.

Kufungua programu hakuna maneno mengi: hutamkwa “Open” na jina la programu, nayo sharti iwe imekwisha wekwa.

Kuhusu sauti, “Volume up” huongeza kidogo, “Mute” hunyamazisha, na “Set volume to 10” huipeleka mahali maalumu. Televisheni inayoamrishwa moja kwa moja hutii bila shida. Mushkeli huja pale mwenye nyumba anapotumia kisanduku au kijiti kilichochomekwa kwenye HDMI, kwa sababu hapo amri hukifikia kisanduku kwanza, nacho kwa kawaida hakina spika. Aghalabu huipitisha kwa televisheni kwa njia iitwayo HDMI-CEC, ambayo Samsung huiita Anynet+, LG huiita Simplink, na Sony huiita Bravia Sync. Ikiwa imezimwa, kioo kinaweza kuonyesha kuwa amri imepokewa, na sauti isisogee hata chembe; iwashwe katika mipangilio ya televisheni, kisha ijaribiwe upya.

Na ikiwa hata ishara ya kusikiliza haitokei, zibeni ncha ya mbele ya rimoti kwa kiganja na kubonyeza mshale wa chini. Kikisogea kitu kwenye kioo, Bluetooth ingalipo, na shaka iende kwenye mipangilio ya maikrofoni au intaneti. Kisiposogea, kisha kikasogea kiganja kinapoondolewa, rimoti imebaki na mwanga wake usioonekana tu: badilisheni betri, kisha iunganisheni upya kupitia “Remotes & Accessories” kwenye Google TV, au kwa kukandamiza kitufe cha nyumbani sekunde 10 kwenye Fire TV.