Fomu ya P3: Aliyoyaona daktari na aliyoambiwa

Fomu ya P3 hutolewa na polisi, lakini sehemu ya pili hujazwa na daktari, na humo ndimo kesi ya shambulio huweza kuporomoka.

Tuseme mwanamume anafika katika hospitali kuu ya Machakos akidai kwamba jirani alimkata kichwani kwa panga jana jioni. Madai hayo huandikwa penye historia, yakitanguliwa na maneno "mgonjwa anasema". Penye uchunguzi, daktari huandika alichokiona tu: jeraha moja juu ya sikio la kushoto, urefu wa sentimita 5, kingo zimechanika ovyo, na nyuzi za nyama zingali zimeunganisha kingo hizo kwa ndani.

Nyuzi hizo ndizo hutoboa siri. Panga lenye makali hukata kila kitu, ilhali rungu huipasua ngozi juu ya fuvu na kuziacha. Kabla ya damu kuoshwa na nywele kunyolewa, majeraha hayo mawili hufanana mno. Kwa hivyo, penye aina ya silaha, daktari ataandika "kifaa butu".

Je, mlalamishi amedanganya? Si lazima, huenda alipigwa kwa ubapa wa panga, au giza lilimpotosha. Hilo ni la hakimu kuamua.

Lakini daktari akiandika "alikatwa kwa panga na jirani" kana kwamba alishuhudia, wakili wa mshtakiwa atamuuliza swali moja tu kizimbani: "Daktari, ulikuwepo?"