Kipeo kinachozidi 1 lakini hakisaidii

Alikuja na karatasi yake ya mtihani mkononi, amekasirika kwa adabu. "Shikamoo mwalimu. Hapa naona umenionea." Nikaitikia, nikaitazama karatasi. Swali lilikuwa fupi: chukua namba 1, 2, 3 na kuendelea, kila moja iite n, kisha jumlisha sehemu zote za umbo hili:

1/n^(1+1/n)

Je, jumla hiyo inatulia kwenye namba fulani, au inapanda bila kikomo? Yeye alikuwa amejibu kuwa inatulia, na sababu yake aliiandika kwa mstari mmoja: kipeo ni kikubwa kuliko 1.

Kosa lake halikuwa la uvivu. Darasani tulishafundisha kwamba ukijumlisha sehemu za 1/n^p, jumla inatulia p ikiwa zaidi ya 1, na inapanda bila kikomo p ikiwa 1 au pungufu. Sasa tazama kipeo chetu, 1+1/n. Kwenye n=2 ni 1.5, kwenye n=10 ni 1.1, kwenye n=1,000 ni 1.001. Kila mahali kimezidi 1. Kwa nini basi nilimpa sifuri?

Kwa sababu ile p ya kanuni ni namba moja isiyobadilika tangu sehemu ya kwanza hadi utakapochoka. Ya kwetu inapungua kila hatua. Nilimwambia atoe simu, afungue kikokotoo, tufanye hesabu pale pale mezani. Tulishindanisha mifululizo miwili: huu wetu, na ule wa 1/n^1.1 ambao kweli jumla yake inatulia, karibu na 10.58.

Ili kuona tofauti, tenganisha kipeo vipande viwili. n^(1+1/n) ni sawa na n mara n^(1/n). Kwa hiyo kila sehemu yetu ni 1/n iliyogawanywa tena kwa n^(1/n), yaani kipeuo cha n cha n yenyewe. Vivyo hivyo, 1/n^1.1 ni 1/n iliyogawanywa tena kwa n^0.1. Swali lote sasa limehamia kwenye kigawanyo hicho cha ziada: kina nguvu kiasi gani?

Kwenye n=10 vigawanyo viwili vinalingana kabisa, vyote takriban 1.26. Hapo mtu angeweza kuapa kwamba mifululizo hii ni ndugu. Twende kwenye 1,000,000. Kigawanyo cha n^0.1 kimefika 3.98 na bado kinakua. Kwenye namba yenye sifuri ishirini kitakuwa 100. Cha kwetu je? Simu iliandika 1.0000138. Kijana akaitazama, akairudia hesabu kuanzia mwanzo, ikatoka ile ile. Kugawanya kwa namba kama hiyo ni sawa na kutogawanya.

Kikokotoo si uthibitisho, kwa hiyo tuchukue kalamu. Andika n^(1/n) kama 1+h, ambapo h ni ile ziada juu ya 1. Maana yake ni kwamba (1+h) ikizidishwa yenyewe mara n inatoa n. Ukifungua mabano hayo, miongoni mwa vitu vinavyotoka kuna n(n-1)/2 mara h kipeo cha pili, na hakuna kilicho hasi. Kwa hiyo kipande hicho peke yake hakiwezi kuzidi n. Kata n pande zote mbili, na unabaki na h kipeo cha pili isiyozidi 2/(n-1). Kwenye n=201, h haizidi 0.1; kwenye n=20,001, haizidi 0.01. Inabanwa kuelekea sifuri, na n^(1/n) inabanwa kuelekea 1.

Sasa tunahitaji mfululizo wa kulinganisha nao, na aliye karibu ni 1/n wenyewe: 1 + 1/2 + 1/3 + 1/4 na kuendelea. Kwamba huu unapanda bila kikomo alilionyesha Mfaransa Nicole Oresme katika karne ya 14, kwa hoja ambayo mtoto wa shule anaweza kuifuata. Chukua 1/3 na 1/4: jumla yake inazidi 1/2, maana kila moja si chini ya 1/4. Chukua nne zinazofuata, 1/5 hadi 1/8: kila moja si chini ya 1/8, kwa hiyo pamoja zinazidi 1/2. Kisha nane, kisha kumi na sita. Kila kundi linaleta nusu nyingine na makundi hayaishi. Ni mwendo wa kobe, kwani baada ya sehemu milioni moja jumla ni 14.39 tu, lakini ni kobe asiyesimama.

Hapa kuna mtego wa pili, na mwanafunzi wangu aliuona mwenyewe. "Lakini mwalimu, sehemu zetu ni ndogo kuliko 1/n. Kuwa mdogo kuliko kitu kisicho na kikomo si kuthibitisha chochote." Kweli kabisa. Ndiyo maana hatuulizi nani mdogo; tunagawanya sehemu moja kwa nyingine na kuangalia uwiano unaelekea wapi. Sehemu yetu ikigawanywa kwa 1/n inabaki 1/n^(1/n), na hiyo, kama tulivyoona, inaelekea 1. Uwiano ukielekea namba yoyote iliyo kubwa kuliko sifuri, mifululizo hiyo miwili ina hatima moja.

Sababu inaonekana ukiishika kwa namba. Kuanzia n=34, uwiano haushuki tena chini ya 0.9. Basi kuanzia hapo kila sehemu yetu ni angalau tisa ya kumi ya 1/n. Sehemu 33 za mwanzo zina jumla ya kawaida, haziwezi kubadili hatima. Zinazobaki zinabeba angalau tisa ya kumi ya kitu kisicho na kikomo, na hicho nacho hakina kikomo.

Ule mfululizo wa 1/n^1.1 ukiugawanya kwa 1/n unapata 1/n^0.1, nayo inaelekea sifuri. Hapo kipimo hiki kinanyamaza, huwezi kudai hatima moja.

Kijana alibaki na swali moja: kile kipeo cha ziada kimepunguza kiasi gani kwa jumla? Ukichukua tofauti kati ya 1/n na sehemu yetu, mahali hadi mahali, na kujumlisha tofauti zote bila mwisho, unapata takriban 0.83. Haifiki hata 1. Na karibu nusu yake imeshapotea kabla ya kufika n=7. Aliikunja karatasi yake, akauliza kama walau nusu alama ingewezekana kwa kukumbuka kanuni ya p. Nikamwambia kanuni aliikumbuka vizuri, ila aliipa p ambayo haikutulia.