Kutu, tairi na bei za Pemba: Hoja za mnunuzi wa gari Palma

Mwuzaji wa pikapu mjini Palma akitaja metikali 720,000, wanunuzi wengi wageni huuliza papo hapo: "Mwisho ngapi, kaka?" Mwuzaji hupunguza 20,000, wakapeana mikono. Mnunuzi huondoka akijiona ameshinda, kumbe punguzo hilo lilikuwa limeshapangwa kabla hajafika.

Anayejua kazi hii haulizi bei ya mwisho mwanzoni. Hukagua gari kwanza, tena bila kusema kitu, akianzia chini.

Pwani ya kaskazini mwa Cabo Delgado, kutoka Palma hadi Mocimboa da Praia, pikapu nyingi hupakia samaki na kupita kwenye mchanga wa ufukweni. Maji ya chumvi hudondokea kwenye fremu, na gari huliwa na kutu huku rangi ya juu iking'aa. Sehemu za kutazama ni fremu yenyewe, mahali springi zinaposhikia, na sakafu ya bodi inakokaa mizigo. Rangi nyeusi mbichi iliyopakwa sehemu moja tu ni ya kutiliwa shaka. Gonga hapo kwa mpini wa bisibisi: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa mlio mzito au kumenyeka.

Fremu ikiwa imetoboka, hakuna punguzo linalofidia, gari huachwa. Vivyo hivyo namba ya chesisi isipolingana na ile iliyo kwenye livrete, kitabu cha gari cha Msumbiji.

Kasoro za kujadiliana ni zile zinazotengenezeka na zenye bei inayojulikana. Chukua mfano wa Toyota Hilux dabo kebini ya hizo 720,000. Fremu ni nzima, kutu ni ya juujuu. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne, 1217, maana yake zilitengenezwa wiki ya 12 ya mwaka 2017, na mpira umepasuka nyufa. Gari likipanda mlima, injini inavuma lakini mwendo hauongezeki: klachi inateleza. Mnunuzi anauliza duka la vipuri na fundi. Tairi nne ni 36,000, klachi pamoja na ufundi 22,000. Jumla ni 58,000.

Hatua ya pili ni kutafuta bei za magari ya aina hiyo. Matangazo matatu ya Pemba na Nampula, yenye mwaka, injini na kilomita zinazokaribiana, yanasema 640,000, 670,000 na 690,000. La katikati, 670,000, ndilo la kushikia.

Hapa wafanyabiashara kutoka Mtwara hukosea. Nchi zote mbili huendesha upande wa kushoto, kwa hiyo magari yanafanana, na mtu huona vyema kutaja bei ya Dar es Salaam. Lakini gari la Dar limelipiwa kodi Tanzania, na la Palma limelipiwa Msumbiji. Akilivusha Ruvuma ili alisajili nyumbani, atalipa kodi upya. Gari la kulinganisha nalo lazima liwe limelipiwa kodi nchi ileile. La namba za kigeni ambalo halijalipiwa huonekana rahisi kwa sababu deni la forodha bado linamsubiri mnunuzi.

Baada ya hapo ndipo mazungumzo yanapoanza. Mnunuzi anaonyesha matangazo, kisha anampeleka mwuzaji kwenye tairi na klachi, kasoro moja baada ya nyingine. 670,000 ukitoa 58,000 hubaki 612,000. Anaanza na 590,000.

Mwuzaji naye ana hoja. "Mzee, hayo magari yako Pemba. Hili liko hapa," atasema, na ni kweli: kulifuata gari Pemba kuna nauli, mafuta na siku za safari. Ataongeza kwamba tairi za magari ya Pemba nazo si mpya, na hilo pia ni kweli. Uchakavu wa kawaida umeshahesabiwa ndani ya bei ya soko, hivyo mnunuzi hawezi kudai tairi mpya kabisa kwa gharama ya mwenzake. Anakubali kubeba nusu ya tairi, 18,000, na kwenye klachi hasogei.

Mwuzaji akisema atabadilisha klachi mwenyewe, jibu zuri ni kuomba pesa hiyo itolewe kwenye bei. Anayeuza gari hana haja ya kununua kipuri cha kudumu.

Kwa hesabu hiyo gari linafika 630,000. Ni 90,000 chini ya bei ya kwanza, na 58,000 kati ya hizo zitaishia kwa fundi na duka la tairi kabla gari halijabeba mzigo wa kwanza.